Kumkatia tiketi ya basi ndugu aliye mbali: kuituma kwenye simu yake, na la kufanya ikibidi asafiri mtu mwingine

Nilikaa dirishani nikikata tiketi stendi ya Mbeya kwa miaka sita. Asubuhi nyingi, kabla hata ya saa kumi na mbili, alikuja mtu mzima ameshika simu mkononi na kuniambia, "Mwanangu, kijana wangu amenitumia tiketi, nionyeshe basi langu." Nikiifungua meseji nakuta imetoka mtandao wa simu: umelipa kiasi fulani kwa kampuni fulani, namba ya muamala ni hii, salio lako ni hili. Ile ilikuwa risiti ya malipo. Haikuwa na kiti, haikuwa na tarehe ya safari, na jina lake yule mama halikuwamo. Kijana wake alikuwa amelipa kweli, ila alimtumia mama yake meseji isiyo yenyewe, na tiketi halisi ilikuwa imelala kwenye simu yake Dar es Salaam, naye amezima simu amelala.

Ndiyo maana naanza na jambo hili. Tiketi ya basi siku hizi ni mstari mmoja kwenye orodha ya abiria ya gari fulani, siku fulani. Mstari huo una jina, namba ya simu, kiti, kituo cha kupandia na kituo cha kushukia. Karatasi, meseji, au picha iliyoko WhatsApp ni njia tu ya kuufikia mstari huo. Ukilielewa hilo, maswali mengine yote yanajibika: uandike jina la nani, utume nini kwenye simu ya ndugu yako, na kama tiketi inaweza kwenda kwa mtu mwingine.

Nitaeleza kwa safari niliyoishughulikia mwenyewe baada ya kuacha kazi ya dirishani. Mimi nipo Mafinga. Shangazi yangu anakaa Tukuyu, ana kitochi, na alikuwa anakwenda Dar es Salaam kwa binti yake aliyejifungua. Siku moja kabla ya safari shangazi aliugua, akaenda mdogo wake badala yake.

Kabla ya kulipa, piga simu moja

Watu wengi hufungua aplikesheni ya basi kwanza, halafu wanaanza kuulizana maswali wakiwa wamefika katikati. Mfumo hukushikia kiti kwa dakika chache tu ukisubiri ulipe. Ukiwa bado unambembeleza shangazi atafute kitambulisho, kiti kinarudi sokoni. Mpigie kwanza, uandike majibu kwenye karatasi.

Cha kwanza ni jina. Usiandike jina unalomwita. Huku kwetu mtu ana jina la ubatizo, ana jina la nyumbani, na akishazaa anakuwa Mama Fulani mpaka majirani wanasahau mengine yote. Mwambie achukue kitambulisho chake, cha NIDA au kadi ya mpiga kura, akusomee herufi kwa herufi. Kama hasomi vizuri, mwombe mjukuu asome. Shangazi yangu namfahamu tangu nazaliwa, lakini jina la pili lililoko kwenye kitambulisho chake nililisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza.

Cha pili ni mahali atakapopandia. Mtu wa mbali huandika "Mbeya" kwa sababu ndilo jina analoliona kwenye orodha ya vituo. Lakini anayetoka Tukuyu au Kyela akija kupanda basi la Dar hana haja ya kufika mjini Mbeya. Barabara yake inakutana na barabara kuu pale Uyole, na basi litampitia hapo. Anayetoka Njombe atakutana nalo Makambako. Wa Iringa inabidi umuulize vizuri zaidi, maana mji uko juu mlimani na barabara kuu inapita chini. Yapo magari yanayoingia stendi ya Igumbilo, na zipo ofisi zitakazokwambia abiria wao wanasubiri Ipogolo. Kituo kikiandikwa vibaya, basi litamsubiri abiria mahali ambapo hayupo, na yeye atalisubiri mahali ambapo halitasimama.

Cha tatu ni simu. Muulize namba anayoibeba, na kama simu hiyo huwa na chaji. Swali hili lina uzito kuliko linavyosikika, nami nitalirudia.

Saa na tarehe, hapo ndipo watu wengi wanapoachwa na basi

Ningepewa nafasi ya kumwonya mnunuzi kuhusu jambo moja tu, ningechagua hili. Mifumo ya tiketi inaandika saa kwa mtindo wa kompyuta. Tiketi ikisema `06:00` inamaanisha saa kumi na mbili asubuhi. Mzazi aliyeko kijijini akisomewa "saa sita" anajua ni saa sita mchana, au saa sita usiku, na yuko sahihi kabisa kwa lugha yake. Kosa ni la aliyemsomea. Nimeshuhudia mama amefika stendi saa tano mchana na mizigo yake imefungwa vizuri, ana furaha kwamba amewahi, na basi lake wakati huo limeshapita Makambako.

Badilisha saa wewe mwenyewe kabla hujamtumia chochote, na uongeze neno la wakati. `05:30` iwe saa kumi na moja na nusu alfajiri. `06:00` iwe saa kumi na mbili asubuhi. `17:00` iwe saa kumi na moja jioni. `21:00` iwe saa tatu usiku. `00:30` iwe saa sita na nusu usiku.

Hiyo ya mwisho ina mtego wa pili. Tangu mabasi ya usiku yaliporuhusiwa tena mwaka 2023, watu wengi wa Mafinga na Iringa hupanda usiku wa manane magari yaliyotoka Mbeya jioni. Kwa hesabu yetu, usiku wa saa sita bado ni usiku wa siku ile tuliyoianza, na ndiyo maana tunasema "usiku wa kuamkia Jumanne". Kwa kompyuta, `00:30` tayari ni Jumanne. Juu ya hapo, kampuni nyingine huandika tarehe ambayo gari linaondoka kituo cha mwanzo. Basi likitoka Mbeya Jumatatu saa moja jioni, abiria wa Iringa atapanda baada ya saa sita usiku akiwa na tiketi iliyoandikwa Jumatatu. Mwingine mwenye kampuni tofauti, anayepanda saa ileile, tiketi yake inasema Jumanne.

Usikisie. Piga simu ofisi ya basi uulize hivi: "Gari hili linaondoka Mbeya siku gani, na linafika Iringa usiku wa kuamkia siku gani?" Mkata tiketi yeyote atakuelewa. Jibu hilo ndilo utakalompa ndugu yako, kwa maneno hayohayo ya kuamkia.

Safari ya shangazi ilikuwa ya mchana, Jumanne tarehe 14, gari linatoka Mbeya `06:00`. Kutoka Tukuyu mpaka Uyole ni kilomita kama 60, na asubuhi ile ya ukungu wa Rungwe haina uhakika wa usafiri. Nikaamua alale Uyole kwa mkwe wake Jumatatu. Hilo nalo ni sehemu ya kukata tiketi. Kiti kisichofikika kwa wakati ni fedha iliyotupwa.

Kulipa

Unaweza kukata kwa aplikesheni au tovuti ya kampuni ya basi, unaweza kupita kwa wakala wa mtandaoni anayeuza viti vya kampuni nyingi, au unaweza kumpigia mkata tiketi wa ofisini akuandikie kisha ulipe kwa simu. Ya tatu bado ndiyo inayotumika sana huku kwetu na haina ubaya, ilimradi fedha ipite njia sahihi.

Njia sahihi ni hii. Baada ya jina la msafiri kuandikwa unapewa kumbukumbu namba ya malipo. Unafungua menyu ya mtandao wako, `*150*00#` kwa M-Pesa, `*150*01#` kwa Mixx by Yas, `*150*60#` kwa Airtel Money au `*150*88#` kwa HaloPesa, unachagua sehemu ya kulipia, unaweka namba ya kampuni, kisha ile kumbukumbu namba, kisha kiasi. Kabla hujaweka namba ya siri, skrini inakuonyesha jina la anayelipwa. Simama hapo usome. Ukiona jina la biashara unayoijua, endelea. Ukiona jina la mtu, ujue unamtumia fedha mtu binafsi, na mfumo wa tiketi hautajua kamwe kwamba umelipa. Yawezekana mtu huyo ni mkata tiketi mwaminifu anayeiweka fedha mwenyewe. Yawezekana pia ni mpiga debe aliyeokota kitabu cha tiketi. Ukiwa Dar au Mafinga huna namna ya kuwatofautisha, kwa hiyo omba namba ya kampuni na ukikataliwa tafuta basi jingine.

Baada ya kulipa utapata meseji mbili. Moja inatoka mtandao wa simu na inataja muamala. Nyingine inatoka mfumo wa tiketi na inataja jina, kiti, tarehe na namba ya tiketi. Ya kwanza ibaki kwako na usiifute mpaka ndugu afike, maana ndiyo ushahidi kwamba aliyelipa ni wewe. Ya pili ndiyo mali ya msafiri.

Ikija ya kwanza tu na ya pili isije, usilipe tena. Mara nyingi muda wa kushikiliwa kiti umekwisha sekunde chache kabla fedha haijafika. Fedha imepokelewa lakini imekosa kiti cha kukaa. Piga ofisi, wasomee namba ya muamala, waambie wakupe kiti kingine kwa fedha hiyohiyo. Nimewahi kumwona mtu aliyelipa mara tatu kwa hofu, na kuzirudisha zile mbili kulimchukua siku nyingi kuliko safari yenyewe.

Namba ya simu ya nani?

Fomu nyingi zina nafasi moja ya simu, na hapo mnunuzi anaweka yake kwa mazoea. Fikiria namba hiyo inatumikaje. Kwanza, mfumo unatuma tiketi hapo. Pili, asubuhi ya safari kondakta akiona kiti B3 kiko wazi pale Uyole, anapiga namba iliyoko kwenye orodha. Tatu, mtu akipiga simu kuomba mabadiliko, ofisi inauliza kama anapiga kutoka namba hiyo.

Kwa sababu ya pili ninaweka namba ya msafiri. Kondakta hana muda wa kupiga simu mbili. Akikupata wewe uliyelala Mafinga, hutaweza kumwelekeza ni upande gani wa barabara shangazi amesimama. Ila kama msafiri simu yake huzima mara kwa mara, au hapokei namba asizozijua, weka yako na uhakikishe uko macho saa hiyo. Zikiwapo nafasi mbili, ya mnunuzi na ya abiria, zijaze zote kama zinavyotaka.

Kuituma

Shangazi ana kitochi. Faili la PDF halifunguki kwake, picha haifiki, na msimbo wa QR hautaonekana kamwe. Hakuna tatizo, kwa sababu mkata tiketi pale Mbeya au Uyole anachohitaji ni namba ya tiketi na jina. Anaziingiza kwenye mashine yake, anauona ule mstari, na ofisini anaweza hata kumchapishia karatasi.

Kwa hiyo usimsukumie tu meseji ya mfumo ilivyo. Imejaa vifupisho, na saa yake ni ile ya kompyuta. Mwandikie yako, fupi, isizidi herufi 160 ili ifike kama meseji moja, maana kwenye simu nyingine za zamani meseji ndefu hukatika vipande vikaja kwa kupishana. Hii ndiyo niliyomtumia, namba nimebadilisha:

```
Shangazi tiketi namba K7M294, kiti B3.
Jumanne tarehe 14 panda Uyole,
uwe hapo saa 12 kamili asubuhi.
Shuka Mbezi.
```

Utaona sikuandika saa ya basi kuondoka Mbeya. Haimhusu. Gari likitoka mjini saa kumi na mbili litafika Uyole baadaye kidogo, yeye awepo tu tangu saa kumi na mbili. Ukimpa saa mbili tofauti atachagua moja, na huwezi kujua ipi. "Mbezi" ni stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, ambako binti yake angempokea.

Kuwa mwangalifu na namba ya tiketi inapochanganya herufi na tarakimu. Sifuri na herufi O hufanana, na moja na herufi I hufanana. Baada ya kutuma nilimpigia.

"Shikamoo shangazi, umeipata meseji?"

"Marahaba. Nimeipata mwanangu, nimeiona."

Kuiona hakutoshi. Nilimwomba amwite mjukuu asome kwa sauti, neno kwa neno. Nikasikia, "kei saba emu mbili tisa nne." Hapo nikaridhika. Nikamwambia ainakili kwenye karatasi na kuiweka pamoja na kitambulisho, kwa sababu chaji ya simu ikiisha karatasi haiishi.

Ndugu yako akiwa na simu janja, mtumie na ile picha au faili, kisha mwandikie na meseji kama hii. Ila mtumie yeye peke yake. Kuna tabia ya kuiweka tiketi kwenye kundi la ukoo ili wote wajue dada anasafiri. Namba ya tiketi pamoja na jina na simu vinatosha kwa mtu kupiga ofisini akajifanya mwenyewe na kuomba safari isogezwe au ifutwe. Kundi liambie siku ya safari, inatosha.

Hatua ya mwisho ni simu kwa ofisi, siku hiyohiyo. Usiwaulize "tiketi yangu iko sawa?" maana watajibu ndiyo. Waulize: "Kwenye orodha ya Jumanne, kiti B3, mna jina gani na anapandia wapi?" Wakusomee wao. Mimi niliposomewa, kituo kilikuwa kimeandikwa Mbeya ingawa nilichagua Uyole, na kikarekebishwa palepale.

Je, tiketi inaweza kuhamishwa?

Jumatatu saa nne asubuhi nilipigiwa simu kutoka Tukuyu kwamba presha ya shangazi imepanda na daktari amemkataza safari. Binti yake aliyejifungua kule Dar alikuwa anasubiri mtu. Shangazi mdogo, anayekaa Rungwe hukohuko, akasema ataenda yeye.

Kwa basi, jibu ni kwamba tiketi huweza kuhamishwa pale ofisi inapobadilisha jina kwenye orodha, na ni ofisi peke yake yenye uwezo huo. Wewe kumpa mtu mwingine ile meseji hakuhamishi kitu. Mstari unabaki na jina la zamani.

Nilipiga kwa mkata tiketi, nikampa namba ya tiketi, nikamsomea namba ya muamala wangu kuthibitisha kwamba aliyelipa ni mimi. Kwa kuwa simu iliyoko kwenye tiketi ilikuwa ya shangazi, alimpigia naye kuhakikisha anaafiki. Hilo si usumbufu, ndivyo inavyotakiwa. Kisha nikampa jina jipya kama lilivyo kwenye kitambulisho, na simu mpya. Mfumo ukatoa tiketi yenye namba nyingine, kiti kilekile, na ile ya kwanza ikafa. Hawakunitoza. Ofisi nyingine hutoza kiasi kidogo, na nyingine hukwambia mfumo wao hauruhusu kubadili jina, kwa hiyo watafuta ya kwanza na kukata mpya. Njia hiyo ina hatari moja: kati ya kufuta na kukata, kiti kiko wazi kwa kila mtu, na kipindi cha Desemba au shule zinapofungwa kinaweza kuchukuliwa hapohapo. Waombe wafanye yote mawili ukiwa bado uko kwenye simu.

Kisha kazi yote ya kutuma inaanza upya. Namba imebadilika, hivyo meseji ya zamani inapaswa kufutwa kwenye simu ya shangazi, na shangazi mdogo atumiwe yake na asomeshwe kwa sauti. Nikapiga tena ofisini kuuliza B3 ana jina gani.

Muda ni jambo la kuangalia sana. Ukipiga siku moja kabla, saa za kazi, mkata tiketi ana nafasi. Asubuhi ya safari, orodha ikishafungwa na kuchapwa, mabadiliko yanakuwa ya kalamu kwenye karatasi ya kondakta, na yanategemea hiari yake. Gari likishaondoka, hakuna cha kuhamisha, mstari ule umeshasafiri na gari lake.

Najua watu wengi hawapigi simu yoyote. Shangazi mdogo angeweza kwenda Uyole, aseme jina la dada yake, na kondakta angempandisha. Hufanyika kila siku. Nawasihi msifanye hivyo, na sababu si woga wa faini. Orodha ya abiria ndiyo inayoangaliwa gari linapopata ajali, na barabara yetu ina miteremko ya Inyala na Kitonga ambayo hakuna familia huku isiyoijua. Polisi na hospitali huanza na majina yaliyoko kwenye orodha. Jina la mgonjwa aliyelala nyumbani Tukuyu likisomwa, ukoo mmoja utalia bila sababu, na yule aliyekuwa ndani ya gari hatafutwi na mtu. Madai ya bima yakifika, jina la aliyeumia haliko popote. Hata begi likipotea, mwenye haki ya kulidai ni aliyeandikwa. Simu ya dakika tano inazuia yote hayo.

Kusogeza siku na kurudishiwa fedha

Kama hakuna wa kwenda badala yake, omba tiketi isogezwe kwenda siku nyingine kabla hujaomba kurudishiwa fedha. Kusogeza kwa kawaida ni rahisi kwa ofisi, kwa sababu fedha haitoki. Chukulia nauli uliyolipa ni shilingi 50,000 na siku mpya gari ni la daraja la juu lenye nauli ya 60,000, utaongeza 10,000. Kurudishiwa huwa na makato na huchukua muda, na masharti yake yameandikwa chini ya tiketi. Yasome kabla ya kulipa, hasa sehemu inayosema ni saa ngapi kabla ya safari unatakiwa kutoa taarifa. Fedha ikirudi kwa mfumo, hurudi kwenye namba iliyolipa, yaani kwako, hata kama tiketi ni ya shangazi.

Kuna hali moja ambapo mabadiliko hayatoki kwako. Unafika unaambiwa gari limeharibika na limeletwa jingine. Ulikata kwenye gari la viti mbili kwa mbili, limekuja la mbili kwa tatu, na B3 yako haipo mahali ilipokuwa. Mwambie ndugu yako asipande kimya kimya. Akupigie palepale, nawe upige ofisini wakupe kiti kipya kwa jina, na kama gari ni la daraja la chini wadai tofauti ya nauli kabla halijaondoka. Likishafika Chimala hakuna atakayekusikiliza.

Tiketi ya mtu usiyemjua

Mwishoni mwa Desemba, viti vikiisha, hujitokeza mtu stendi anayesema ameahirisha safari na anauza tiketi yake. Anaweza kuwa mkweli. Lakini hata tiketi halali aliyokuonyesha anaweza kupiga simu dakika kumi baadaye, akaifuta na kudai fedha yake, nawe ukafika mlangoni na namba iliyokufa. Kama unamnunulia ndugu yako tiketi ya namna hiyo, nendeni wote wawili dirishani, jina libadilishwe mkiona, namba mpya ije kwenye simu ya ndugu yako, ndipo umpe muuzaji fedha. Akikataa kwenda dirishani, achana naye.

Ndege na treni ni habari nyingine

Kwa anayeruka kutoka Songwe, sahau yote niliyosema kuhusu kuhamisha. Tiketi ya ndege haihamishwi kwa mtu mwingine. Kosa dogo la herufi hurekebishwa, lakini shangazi hawezi kuwa shangazi mdogo. Kama hamjakubaliana nani anakwenda, msikate.

Kwa treni ya TAZARA kutoka stesheni ya Mbeya, kumbuka kwamba vyumba vya kulala hugawanywa, wanawake kwao na wanaume kwao, isipokuwa mmechukua chumba kizima. Kitanda cha mama hakiwezi kwenda kwa kaka hata kama ofisi iko tayari kubadili jina, kwa hiyo uliza kwanza kama kuna nafasi upande wa pili.

Shangazi mdogo alipanda Uyole Jumanne ile. Kondakta alipita na karatasi yake, akaita jina lake la kitambulisho, naye akaitika. Saa moja kabla ya kufika Mbezi nilimtumia binamu yangu namba ya usajili ya gari, ili pale stendi asiangalie mabasi yote.